Mashine Ikizimika, Usikimbilie Chaja
Mwongozo wa kutafsiri tangazo la hatari la kifaa cha tiba, kwa wauza dawa na wagonjwa wa Kiserian

Ukitaka tangazo la hatari lisisomwe na mtu yeyote kuanzia steji ya Kiserian hadi Corner Baridi, lianze kwa jina kamili la kampuni, ufuatishe mji ilikosajiliwa, kisha useme kwamba kampuni hiyo "kwa hiari yake imeanzisha zoezi la kukiondoa sokoni kifaa husika". Kufikia hapo mzee mwenye sukari ameshaikunja karatasi na kuitia mfukoni. Akivumilia hadi neno "hiari", ataelewa kwamba hata yeye hana lazima ya kufanya lolote.

Matangazo ya namna hii hubandikwa kwenye vioo vya kemisti, Kiingereza juu, Kiswahili chini, na Kiswahili chenyewe kimefuata Kiingereza hatua kwa hatua kama ndama nyuma ya mamake. Kila neno lina mwenzake, na mgonjwa hana la kushika. Hili ni jambo la kukasirisha, kwa sababu tangazo la hatari lina kazi moja tu: mtu mwenye kifaa alisome, ajue kama ni chake, ajue la kufanya usiku wa leo. Mwongozo huu ni wa kazi hiyo.

Tuchukue tangazo la kweli tulifanyie kazi. Machi 25, 2013, kampuni ya LifeScan, wakati huo ikiwa mali ya Johnson & Johnson, ilitangaza nchini Marekani kwamba inazibadilisha mashine zake zote za kupima sukari aina ya OneTouch Verio IQ. Kasoro ilikuwa hivi. Sukari ya damu ikifika miligramu 1024 kwa desilita au zaidi, mashine haikutoa onyo kwamba sukari imepanda mno. Ilizimika. Ukiiwasha tena, ilikupeleka kwenye mipangilio na kukutaka uthibitishe tarehe na saa kabla ya kukuruhusu kupima. Ukipima na sukari bado iko palepale, inazimika tena.

Kiserian inaingiaje kwenye tangazo la Marekani? Inaingia kwa sababu mashine husafiri kuliko matangazo. Binti aliye Dallas humnunulia mamake mashine nzuri, akampa mgeni anayekuja Krismasi, na mashine ikafika Barabara ya Magadi bila kupitia kwa muuzaji yeyote wa hapa. Kampuni haina jina la mama huyo kwenye orodha yake. Atakayempata ni kemisti anakonunua dawa, au mhamasishaji wa afya ya jamii anayempitia nyumbani. Na hao wahamasishaji nao ni wenye mashine: Septemba 2023 serikali ilipozindua mpango wa wahamasishaji 100,000 nchini, kipima sukari kilikuwa miongoni mwa vifaa vilivyotiwa kwenye mikoba yao. Siku tangazo jingine la namna hii litakapotoka, litahusu vifaa vilivyo mikononi mwa watu ambao hawakuvinunua na hawakuona maboksi yake.

Kabla ya kutafsiri sentensi ya kwanza, jiulize: kifaa kirudi, kiachwe, au kibaki? Kiingereza kina neno moja, "recall", linalobeba yote matatu, na mtafsiri aliyechoka hulitafsiri kila mara kwa "kuondolewa sokoni". Novemba 2019 nchini Uganda, mamlaka ya dawa iliagiza mafungu mawili ya kondomu za Life Guard zilizosambazwa na Marie Stopes Uganda yarudishwe, kwa kuwa vipimo vilionyesha matundu na uwezekano wa kupasuka. Hapo kitenzi ni "rudisha", na nambari ya bechi ndiyo roho ya tangazo, maana pakiti moja ni mbovu na iliyo kando yake ni nzima. Desemba 2011 hapa Kenya, vipimo vya virusi vya ukimwi vya SD Bioline viliondolewa vituoni baada ya Shirika la Afya Duniani kuviondoa kwenye orodha yake. Mgonjwa hakuwa na kitu cha kurudisha. Alikuwa na jibu alilokwisha kupewa. Kitenzi chake ni "pimwa tena", na tangazo lililosema tu kwamba kifaa kimeondolewa lilimwacha na swali lake kubwa bila jibu.

Verio IQ ni ya aina ya tatu, na ndiyo inayowaangusha wengi. LifeScan ilisema mtu anaweza kuendelea kupimia mashine ile huku akingojea nyingine. Sasa mwambie mama aliye kwenye insulini kwamba mashine yake "imeondolewa sokoni". Atasikia imepigwa marufuku, na ataitupa shimoni. Kuanzia hapo anajidunga insulini bila kujua sukari yake iko wapi, jambo la hatari kila siku, wakati kasoro yenyewe hujitokeza tu sukari ikifika kiwango ambacho wagonjwa wachache hukifikia. Kwa mashine hii andika "inabadilishwa", na mara moja baada ya hapo, "endelea kuitumia mpaka upate nyingine".

Sasa tufike kwenye sentensi yenyewe, ile inayostahili muda wako wote. Tangazo lilisema mashine itazimika. Tafsiri ya haraka ni: "Kifaa kinaweza kuzimika ghafla." Mwalimu hataona kosa la sarufi. Lakini soma kwa macho ya mtu wa Kiserian. Kitu kikizimika hapa, sababu ni mbili: stima imepotea au chaji imeisha. Na Verio IQ ilikuwa na betri ya kuchaji, kama simu. Kwa hiyo mama anapima saa nne usiku akiwa na kiu isiyokatika, mashine inazimika, anaichomeka ukutani na kulala akisubiri ijae. Tangazo ulilotafsiri vizuri limemsaidia kuamini jambo lisilo kweli.

Kwa hiyo mtafsiri mzuri hulitaja wazo la uongo kabla halijamjia msomaji, kisha hulifungia mlango. Andika: "Mashine ikizimika ukiwa unapima, usidhani ni chaji. Huenda sukari yako imepanda kiasi cha kuhatarisha maisha. Nenda hospitali sasa." Fuata mpangilio huo huo: dalili anayoiona, wazo litakalomjia, maana halisi, hatua. Ukianza na maana kabla ya dalili, mtu hatajua unazungumzia nini. Ukiacha wazo la chaji, utamwachia alirudie mwenyewe.

Maneno "ukiwa unapima" hayawezi kuachwa. Mashine zote za sukari hujizima zenyewe zikikaa dakika chache bila kuguswa, na usipotenganisha mambo haya mawili utajaza foleni ya hospitali kwa watu ambao mashine zao zimelala tu. Kuzimika kunakohusika ni kule kwa katikati: stripu iko ndani, damu imeguswa, mashine inahesabu, kisha skrini inakuwa nyeusi bila kutoa namba. Na kuna ishara ya pili inayothibitisha ya kwanza: ukiiwasha inakuuliza tarehe na saa. Mtu asiyejua ataona mashine imesahau saa na kuamini zaidi kwamba betri ndiyo mbovu. Itaje ishara hii katika nakala ya kemisti, kwa sababu mgonjwa ataisimulia dukani kama malalamiko: "Daktari, hii mashine kila saa inaniuliza tarehe." Aliye nyuma ya kaunta anapaswa kusimama akisikia hivyo, amuulize mama anajisikiaje.

Tuje kwenye namba. Kenya tunapima sukari kwa milimoli kwa lita. Mtu akisema "yangu ni 9" au "ilifika 18", kila mmoja kwenye benchi anaelewa. Marekani hupima kwa miligramu kwa desilita, na kutoka huko kuja kwetu unagawa kwa 18. Basi 1024 inakuwa karibu 57. Nakala ya kemisti iwe na vipimo vyote viwili, tena namba na kipimo chake vikae pamoja kila mara, kwa sababu mashine ya kutoka Dallas itaonyesha 126 mahali ambapo ya hapa ingeonyesha 7. Mama akisema kwa simu kwamba sukari yake ni "mia tatu", anazungumzia takriban 17 ya kwetu, na kemisti asiyeuliza kipimo atadhani mashine imeharibika au mama amechanganyikiwa.

Katika nakala ya mgonjwa, namba hiyo itoe kabisa. Najua mkono utakuwasha, kwa kuwa tangazo la Kiingereza limeitaja. Lakini mgonjwa hataiona 1024 wala 57 kwenye skrini maishani mwake. Kasoro yenyewe ni kwamba mashine haiionyeshi. Ukimwandikia "sukari ikifika 57", atakaa akingoja 57 itokee. Mpe anachoweza kuona: skrini iliyozimika, na mwili wake. Kiu kali, kukojoa kila mara, kutapika, kupumua haraka na kwa kina, usingizi mzito, kuchanganyikiwa.

Kuna mtego mwingine mdogo uliojificha kwenye daraja la hatari. FDA ya Marekani na Bodi yetu ya Famasi na Sumu hupanga matangazo kwa madaraja matatu, na la kwanza ndilo lenye hatari kuu, ambapo mtu anaweza kufa au kuumia vibaya. Nchi iliyokulia kwenye "gredi ya kwanza" ya mahindi na behewa la daraja la kwanza kwenda Mombasa itasoma hapo sifa nzuri. Usitafsiri daraja kwa mgonjwa. Andika "hatari kubwa". Kemisti mpe daraja na maelezo yake kwenye mstari mmoja.

Halafu mtu ataijuaje mashine yake? Jina liandike jinsi lilivyochapwa kwenye kifaa, herufi kwa herufi, OneTouch Verio IQ, usiligeuze kwa tahajia yetu, na weka picha ya mashine ikiwa kubwa. Jina lote ni muhimu hadi herufi za mwisho. Kulikuwa na mashine ndugu, OneTouch Verio Pro, iliyouzwa nje ya Marekani, nayo kwenye kiwango kilekile haikuzimika: ilionyesha namba ya chini mno kuliko ukweli. Mwenye IQ anaona giza. Mwenye Pro anaona namba inayomwambia anywe chai ya sukari nyingi. Tangazo la moja ukilitumia kwa nyingine, limempa mtu maelekezo yasiyomhusu. Ziandikie karatasi mbili.

Kwa kuwa mashine zote za IQ zilihusika, usimwombe mgonjwa nambari yoyote. Watafsiri huiomba kwa mazoea tu. Kwa tangazo ambalo nambari inahitajika kweli, kama lile la kondomu za Uganda, eleza iko wapi: nyuma ya kifaa, kwenye mshono wa pakiti, chini ya tarehe ya mwisho wa matumizi. Na uiite nambari ya mashine au nambari ya bechi. Ukiteleza ukaandika "nambari ya siri", hakuna mtu Kiserian atakayekupa, kwa sababu hiyo ni ya M-Pesa na wote wameshaonywa.

Nakala ya mgonjwa basi inakuwa hivi, na ikae kwenye nusu ya karatasi kwa herufi kubwa:

"HATARI KUBWA kwa wenye mashine ya kupima sukari iliyoandikwa OneTouch Verio IQ.

Ukiwa unapima, ukatia damu na mashine ikazimika kabla ya kukupa namba, usidhani ni chaji. Huenda sukari yako imepanda kiasi cha kuhatarisha maisha. Nenda hospitali sasa, hata kama ni usiku, na ubebe mashine. Kama una kiu kali, unatapika, unapumua kwa shida au unachanganyikiwa, usiende peke yako.

Mashine ikikupa namba kama kawaida, endelea kuitumia mpaka upate nyingine. Usiitupe. Usiache dawa wala insulini.

Mashine hizi zinabadilishwa na kampuni bila malipo. Kama ulitumiwa kutoka ng'ambo, mwambie aliyekutumia aipigie kampuni kule ilikonunuliwa. Kama hujui aina ya mashine yako, ilete dukani tuiangalie."

Angalia kilichoachwa: jina la kampuni, neno "hiari", pole za mkurugenzi. Mkurugenzi akitaka kuomba radhi, nafasi iko kwenye barua ya kemisti, ukurasa wa pili.

Nakala ya kemisti ni kazi nyingine kabisa, si ile ya mgonjwa iliyorefushwa. Huyu anahitaji namba, daraja, sababu ya kasoro na orodha ya kazi zake. Aangalie rafu na stoo, atoe kila mashine ya aina hiyo, aitie kwenye boksi moja na kuandika "ISIUZWE" kwa kalamu nene, kwa sababu kijana wa zamu ya Jumapili hakuwepo ulipotoa maelezo. Afungue kitabu cha mauzo na kuwapigia walionunua. Amjulishe aliyemuuzia ni mashine ngapi zimebaki na ngapi zimeshatoka. Na mgonjwa akija na kisa cha mashine kuzimika, akipeleke kwenye mfumo wa Bodi wa PvERS, wenye fomu ya matukio ya vifaa vya tiba, hata kama hana uhakika mashine ndiyo chanzo. Mwandikie wazi kwamba shaka inatosha kuripoti, maana wengi hungoja ushahidi ambao duka haliwezi kuupata.

Mwongeze kemisti mstari mmoja ambao hakuna tangazo la Kiingereza litakaloutaja: wateja wake wengi hawakununua mashine kwake. Kitabu cha mauzo hakitawaonyesha. Ila kila anayepima sukari hununua stripu, na stripu za Verio ni za mashine za Verio. Anayekuja kuulizia stripu hizo, hata kama dukani hazipo, ndiye mtu unayemtafuta. Muulize ana mashine gani kabla hajaondoka kaunta.

Ukimaliza kuandika, usimpe mwenzako wa ofisini asahihishe. Yeye anajua ulichotaka kusema. Mpe mtu anayepima sukari nyumbani, asome mara moja, umchukulie karatasi, kisha umuulize kwa heshima zote: "Sasa mama, usiku unapima hii mashine ikizimika, utafanya nini?" Akijibu, "Nitaichaji, daktari," tangazo limefeli, na si yeye aliyefeli. Akijibu, "Nitaacha kuitumia," limefeli kwa upande wa pili. Rudi kwenye sentensi ile, ibadilishe, utafute mtu mwingine ambaye hajaiona. Watu wachache wanatosha kuonyesha palipooza, kwa sababu makosa ya namna hii hujirudia kwa mdomo uleule.

Wapo ambao hawatasoma karatasi yoyote. Upande wa Kisamis na Olepolos kuna wazee ambao Kimaasai ndicho lugha yao ya nyumbani na Kiswahili ni cha sokoni. Kwao tayarisha maneno ya kusemwa, mafupi kiasi cha kutoshea kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp, na mpe mhamasishaji anayezungumza Kimaasai ayaseme kwa njia yake, kisha akurudishie kwa Kiswahili alichokisema. Lazima yarudi mambo matatu: kuzimika ukiwa unapima si chaji, nenda hospitali, usitupe mashine. Likipotea moja njiani, anza tena naye mpaka yote yarudi. Picha ya mashine iende pamoja na sauti, kwa sababu mzee huijua mashine yake kwa sura.

Tarehe usiisahau, na mwezi uuandike kwa herufi. Wamarekani hutanguliza mwezi, sisi hutanguliza siku, na 04/05 inaweza kumfanya mtu atupe kitu kizima au akae na kibovu kwa siku nyingi. Tangazo lisilo na tarehe hubaki kiooni mpaka jua la Kajiado lilifute rangi, na mgonjwa aliyekwisha kupata mashine mpya huanza kuishuku hiyo pia. Andika siku lilipotolewa, siku litakapoangaliwa tena, na simu ya duka. Siku hiyo ikifika, nakala moja iende kwenye faili pamoja na orodha ya waliopatikana na ya wale ambao hawakushika simu. Hii ya pili apewe mhamasishaji wa kijiji, awatembelee nyumbani.